Kabla hujaniomba nikutolee chati za ofisi

Swali ninaloulizwa sana kantini halihusu printa wala intaneti kukatika. Ni hili: "Kaka, hivi nyie watu wa TEHAMA huwa mnasoma inboksi zetu?" Anayeuliza hucheka kidogo, kama anatania, lakini macho yake hayatanii.

Mimi ni admini wa Slack, programu ya kuchatia kazini, katika kampuni ya usambazaji hapa Dar. Si ofisi kubwa. Tuna watu wa mauzo, ghala, uhasibu, madereva wachache wenye akaunti, na wakubwa ambao huingia Slack pale tu wanapokuwa na hasira. Kwa swali la kantini jibu langu ni hapana, sisomi, na kwa sehemu kubwa siwezi. Ila hiyo "siwezi" ina mipaka yake, na watu wengi wanaiweka mipaka hiyo mahali pasipo.

Nianze na kile kila mtu anachokiona kwenye skrini. Chaneli ya wazi ni ya wote: mfanyakazi yeyote mwenye akaunti kamili anaweza kuifungua, kuisoma tangu mwanzo na kutafuta maneno ndani yake hata kama hajawahi kujiunga. Chaneli ya faragha ina alama ya kufuli, na asiyealikwa haioni kwenye orodha wala akitafuta. Hapo naingia na mimi. Kwenye kifurushi chetu, kuwa admini hakunifungulii chaneli ya faragha ambayo sijaalikwa, jambo ambalo watu hawaliamini hata nikiapa. Kisha kuna inboksi, za watu wawili au za kikundi cha hadi watu tisa ukijihesabu na wewe.

Kosa linaanza mtu anapoliona lile kufuli akadhani linamzuia kila mtu. Mpangaji akifunga chumba chake, amewafungia wapangaji wenzake. Mwenye nyumba ana mkataba mwingine kabisa, na hapa mwenye nyumba ni kampuni. Meseji zinakaa kwenye seva za Slack, lakini aliyesaini mkataba na Slack ni kampuni, si wewe.

Sasa nieleze kisa kilichonilazimisha kulieleza jambo hili vizuri kwa wakubwa wangu. Nimebadilisha vitu vya kumtambulisha mtu, lakini mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyo.

Kijana wa mauzo alimpa mteja wa rangi punguzo la asilimia 12. Kwetu, punguzo likizidi asilimia 5 lazima msimamizi wake akubali. Kijana akasema msimamizi alikubali, wakaongea inboksi. Msimamizi akasema hakumbuki kitu kama hicho. Dada wa rasilimali watu akaja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Mdogo wangu, nitolee chati zao zote za mwezi wa tatu. Zote. Nazitaka leo."

"Za wapi, dada?"

"Za wapi tena? Za Slack."

Tulikuwa kwenye kifurushi cha Pro. Hapo, kama ilivyo kwenye kile cha bure, kitu ninachoweza kukitoa mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa ni chaneli za wazi tu. Njia yenyewe ni fupi: unabonyeza jina la kampuni, unakwenda `Tools & settings`, halafu `Workspace settings`, halafu `Import/Export Data`, unachagua `Export`, unaweka tarehe, unabonyeza `Start Export`. Baada ya muda barua pepe inakuja kwamba faili liko tayari. Slack haiwatangazii wafanyakazi kwamba admini amefanya hivyo. Hili huwashtua watu, ingawa ukilifikiria, kilichomo humo hata mfanyakazi aliyeajiriwa jana angeweza kukisoma kwa kuperuzi.

Nikapakua, nikafungua. Ndani kuna `users.json` yenye orodha ya watu, `channels.json` yenye orodha ya chaneli, na folda moja kwa kila chaneli. Ndani ya folda kila siku iliyokuwa na mazungumzo ina faili lake, kwa mfano `2024-03-12.json`. Dada aliposogea kuangalia, uso ukamkunjamana. Alitarajia kitu kinachofanana na simu yake, chenye picha za watu na maneno yamepangwa kushoto na kulia. Alichokikuta ni hiki:

```
{
  "type": "message",
  "user": "U05KT2M7Q",
  "ts": "1710224045.318209",
  "text": "Mteja amekubali. Nimempa 12 kama tulivyoongea.",
  "edited": { "user": "U05KT2M7Q", "ts": "1710316800.000000" }
}
```

Hakuna jina, kuna namba ya mtumiaji, ambayo unaitafuta kwenye `users.json` ndipo ujue ni nani. Hakuna saa, kuna sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1970. Nilikuwa nimeshawahi kumpa mtu faili kama hili likiwa ghafi, kwa hiyo safari hii nilijua nianze wapi.

Saa kwanza. Programu nyingi za bure za kusomea mafaili haya zinageuza zile sekunde kuwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na hiyo ya kwetu ilionyesha 06:14. Dada akaruka: "Unaona? Saa kumi na mbili asubuhi! Msimamizi alikuwa hajafika hata ofisini, walikuwa wameongea saa ngapi?" Nikamwonyesha kwa amri moja:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1710224045
```

Jibu ni tarehe 12 Machi 2024, 09:14, yaani saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumanne, kila mtu yuko kazini. Saa tatu za tofauti zingetosha kumfanya kijana aonekane mwongo kwenye barua ya onyo, na hakuna ambaye angerudi kukagua.

La pili ni lile neno `edited`. Linasema meseji ilihaririwa, aliyeihariri ni yule yule aliyeiandika, na ilikuwa tarehe 13 saa tano kamili asubuhi, siku moja baadaye. Sasa swali likawa zito. Je, "kama tulivyoongea" yalikuwepo tangu mwanzo, au yaliongezwa kesho yake, baada ya mambo kuanza kunuka? Faili halisemi. Slack ina mpangilio wa kuhifadhi meseji ambao mwenye nafasi, yaani mmiliki wa Slack ya kampuni, huuchagua: kuhifadhi meseji zote bila kufuatilia mabadiliko, kuhifadhi zote pamoja na yaliyohaririwa na kufutwa, au kufuta kila kitu baada ya siku kadhaa. Usipogusa kitu unakuwa kwenye ule wa kwanza, na huo ndio tuliokuwa nao. Kwa hiyo faili linajua kwamba meseji ilibadilika, ila halijui ilikuwaje kabla. Na kama mtu ameifuta kabisa, hata kovu halibaki. Wala kuubadilisha mpangilio leo hakurudishi ya jana.

La tatu ndilo linalowapoteza wengi. Chini ya ile meseji msimamizi alikuwa amejibu. Lakini dada, aliyekuwa anasoma faili la tarehe 12 peke yake, akahitimisha kwamba msimamizi hakuwahi kuiona. Jibu linapangwa kwenye faili la siku lilipoandikwa, si la siku ya meseji mama. Kinachoziunganisha ni `thread_ts`, ambayo kwenye jibu hubeba ile ile `ts` ya meseji ya kwanza. Kwa hiyo unatafuta hiyo namba kwenye folda nzima:

```
jq -r '.[] | select(.thread_ts=="1710224045.318209")
  | [.ts, .user, .text] | @tsv' mauzo/*.json
```

Likatoka jibu la tarehe 15: "Hii tutaizungumza." Basi msimamizi aliiona, na hakuandika kwamba hakukubali. Hakuandika pia kwamba alikubali. Watu wakubwa wanajua kuandika sentensi za namna hiyo.

"Sawa," dada akasema. "Sasa nipe inboksi."

"Hazimo, dada."

"Umezificha?"

Nikamrudisha kwenye orodha ya mwanzo. Hii ndiyo njia ya haraka ya kujua faili la Slack limebeba nini, hata kama hukulitoa wewe na aliyelitoa hataki kusema. Ukikuta `channels.json` peke yake, ni chaneli za wazi tu. Ukikuta `groups.json`, zimo na chaneli za faragha, ambazo zamani ziliitwa vikundi na jina likabaki humo. `dms.json` ni inboksi za watu wawili wawili, na `mpims.json` ni zile za kikundi. Kwetu palikuwa na ile ya kwanza tu. Sikuwa nimeficha kitu, sikuwa nimepewa.

Kuzipata kuna njia, na kifurushi ndicho kinachoamua. Ukiwa na Business+, mwenye nafasi anaweza kuiomba Slack imfungulie zana ya kutoa kila kitu, faragha na inboksi zikiwemo, na ikishafunguliwa anaitumia mwenyewe. Kwenye Enterprise kuna hayo, na juu yake kuna mlango maalumu wa programu za wanasheria na wakaguzi. Sisi wa Pro, na wale wa bure, inabidi kuiandikia Slack na kuonyesha mojawapo ya mambo matatu: amri halali ya kisheria, ridhaa ya wafanyakazi, au haki au wajibu unaotokana na sheria. Kumkasirikia mtu wa mauzo hakumo.

Hapo bosi, aliyekuwa anasikiliza kwa mbali, akaleta wazo lake. "Si barua pepe zao unazisimamia wewe? Badilisha nenosiri la kijana, ingia kwenye akaunti yake ya Slack, soma, toka."

Kiufundi ningeweza. Anayeshika barua pepe za ofisi anashika mlango wa uani wa karibu kila kitu, na watu wanaohofia zana ya kutoa data wangepaswa kuhofia mlango huu zaidi. Nilikataa, na sababu nilizompa bosi hazikuwa za uchamungu. Kijana angeondolewa kwenye akaunti yake na kujua papo hapo. Kumbukumbu ingeonyesha nenosiri limebadilishwa na mimi. Na kuanzia dakika ile meseji yoyote ndani ya akaunti ile ingekuwa na waandishi wawili wanaowezekana, yeye na mimi, kwa hiyo kama ushahidi ingekuwa haina thamani tena. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwingia.

Tulichofanya hakikuhitaji kifurushi wala maombi. Wahusika wa inboksi wanaiona, siku zote. Dada akawaita wote wawili, akawaeleza anachotaka kuona na tarehe zake, akauliza nani yuko tayari kufungua. Kijana akatoa simu kabla swali halijaisha. Meseji ya msimamizi ilikuwa pale, ya tarehe 11, saa kumi jioni: "Fanya 12, lakini niandikie barua pepe." Haikuwa na alama ya `(edited)` pembeni, na kwa kuwa kwenye Slack huwezi kuhariri maneno ya mwenzako, kijana asingeweza kuyatengeneza mle ndani. Upande wa pili ni kwamba msimamizi angeweza kuifuta meseji yake na ingepotea kwa wote wawili. Hakuifuta. Naamini kweli hakukumbuka. Na ile barua pepe? Kijana hakuiandika. Kila mmoja akatoka na nusu ya haki yake, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote.

Mara nyingi nimefikiria ingekuwaje kama tungekuwa na ile zana kamili. Dada aliomba chati za watu wawili, lakini unapotoa data ya nafasi nzima kwa mwezi mzima, unapata inboksi za watu wote wa mwezi huo. Ndani yake kuna mhasibu anayemweleza mwenzake kuhusu mimba iliyoharibika, dereva anayeomba mkopo, watu wawili wanaomsema bosi. Hawakuwa sehemu ya kesi. Wote wangekuwa kwenye kompyuta yangu, kwenye folda ya vipakuliwa, kwa sababu ya ndoo za rangi.

Zamani Slack ilikuwa na utaratibu mwingine. Kampuni ikitaka kutoa inboksi iliwasha kitu kilichoitwa `Compliance Exports`, wafanyakazi wakaarifiwa kwamba kimewashwa, na kilichotolewa kilianzia siku ya kuwashwa, hakikurudi nyuma. Mwaka 2018, Ulaya ilipokuwa inajiandaa kwa sheria yake mpya ya data iliyoanza Mei 25, Slack iliuondoa utaratibu huo. Tangu hapo kazi ya kuwaarifu wafanyakazi ni ya mwajiri. Nadhani huo ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu mwajiri anayehitaji sana kusoma ndiye asiyetaka sana kuarifu.

Mahakama zimeshaligusa hili. Raia mmoja wa Romania, Bărbulescu, alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma chati zake za Yahoo Messenger, zikiwemo za kaka yake na mchumba wake, kwenye akaunti aliyoifungua kwa ajili ya wateja wa kampuni. Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu liliamua kwamba faragha yake haikulindwa. Alijua kwamba kutumia vifaa vya ofisi kwa mambo binafsi kumekatazwa. Kilichokosekana ni kuambiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwamba maneno yenyewe ya meseji zake yangeweza kusomwa. Uamuzi huo haumfungi mwajiri wa Dar. Lakini hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana. "Nataka nione tu wanaongea nini" si lengo.

Kwa hiyo baada ya kisa cha rangi tuliandika ukurasa mmoja, unaosainiwa na kila anayeajiriwa. Unasema nani anaweza kuomba data, nani wa pili lazima akubali, na kwamba maombi yataje watu, tarehe na sababu. Unasema pia mpangilio wetu wa kuhifadhi meseji ni upi. Bosi alitaka tuwashe ufuatiliaji wa yaliyohaririwa na kufutwa kila mahali. Tulibishana, tukaishia kuuwasha kwenye chaneli za wazi tu, kwa kuwa Slack inakuruhusu kuweka kanuni tofauti kwa chaneli za wazi, za faragha na inboksi. Mtu anayerekebisha tahajia inboksi hahitaji kuwekewa jalada.

Wewe usiye admini huna haja ya kuniamini mimi wala wa kwenu. Ingia Slack ya ofisi yako kwenye kivinjari, kisha fungua `my.slack.com/account/workspace-settings` na usome sehemu ya `Retention & Exports`. Inaeleza meseji zinahifadhiwaje na wenye nafasi wanaweza kutoa nini, chaneli za wazi tu au kila kitu. Kilichoandikwa pale ndicho kikomo halisi, si ile alama ya kufuli. Na ukikuta ni kila kitu, ujue pia kwamba kumfuta mtu kazini hakufuti inboksi zake.

Nilimpa dada kurasa chache zilizochapwa, zenye majina badala ya namba na saa za Dar badala ya UTC. Aliomba na lile faili la ZIP "kwa kumbukumbu", nimtumie kwa barua pepe. Nilimkatalia. Picha na nyaraka zilizotumwa kwenye chaneli hazimo ndani ya ZIP, kilichomo ni viungo vyake, na kila kiungo kimebebeshwa tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali, inayoanza na `xoxe-`. Yeyote anayekipata anaweza kuipakua nyaraka bila kuwa na akaunti yetu, hadi tokeni ibatilishwe. Mikataba ya wateja ilikuwa humo, na orodha za bei. Niliibatilisha tokeni jioni ile ile, nikafuta faili, kisha nikakumbuka kumwaga na pipa la taka la kompyuta.